Tarehe ya Kurudi ya Shakila

Haya alinisimulia Zabibu wa Chiwata mwaka jana, tukipalilia mbaazi, na yeye anayajua vizuri maana Shakila ni mwanawe wa kumzaa.

Shakila kazi yake ilikuwa kuwafundisha akina mama kumenya korosho kwenye kiwanda kidogo cha Lisekese. Mwenye kiwanda ni Mzee Fortunatus, mtu wa Newala, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Basi mwezi wa pili, msimu ukiwa umekwisha, Shakila alivaa kitenge chake kizuri akaingia ofisini na barua mkononi. Shirika moja lilikuwa limemchagua kwenda kujitolea Nampula, Msumbiji, akafundishe vikundi vya kubangua korosho. Nauli, chakula na malazi juu yao. Walichotaka kutoka kwake ni kimoja tu: ruhusa ya mwajiri, yenye sahihi na muhuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Shakila. Umependeza hivyo, unakuja kuniaga au kuniposa?"

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kwenda na kurudi."

Mzee akaisoma barua taratibu. Likizo bila malipo, tangu tarehe mosi Machi mpaka tarehe thelathini na moja Agosti. Akaiweka mezani.

"Niambie kwa mdomo. Wao wanapata mwalimu. Mimi napata nini?"

Shakila hakutetereka. "Mzee, miezi hiyo mashine zetu zinalala, ghala halina mzigo. Hunilipi, na mwenzangu Isabela anaweza kuwasimamia wachache watakaobaki, nimeshamwelekeza. Kule wanakausha korosho kwa moto mdogo, ngozi inatoka yenyewe. Sisi kila siku tunavunja. Korosho nzima ina bei, iliyovunjika tunaiuza kwa huruma. Nitakuja na ujuzi huo. Na kule wanasema Kimakua, ninacho, sihitaji mkalimani."

"Kimakua chako cha Masasi! Watakucheka."

"Wacheke, wataelewa."

Mzee akatabasamu. Shakila akaona mambo yamekwisha. Kumbe bado. Mzee alirudi kwenye ile tarehe, akaigonga kwa kidole.

"Shirika linamalizana nawe lini?"

"Katikati ya Agosti."

"Safari siku mbili, tatu. Hizi wiki mbili zilizobaki za nani?"

Siku zile ndizo binti wa dada yake angetolewa unyagoni Chiwata, na yeye ndiye somo wake, wa kumfunda na kumtoa. Aliona aziweke humohumo ndani ya likizo, asiombe mara mbili.

"Za ngoma, mzee," akasema.

"Nilijua! Wamakua ninyi mkisikia ngoma hamna kalenda. Mwaka juzi uliniomba Jumamosi na Jumapili, ukatokea Alhamisi, sauti imekauka kama chura. Sasa nikikutuma nchi ya watu, ngoma ikukute njiani, tarehe yako nitaiamini vipi?"

"Newala hamchezi?"

"Tunacheza! Ndiyo maana najua."

Wakacheka wote wawili, lakini kalamu ya mzee haikuguswa. Shakila akaelewa kuwa safari yake yote imekaa kwenye zile wiki mbili. Akaomba karatasi nyingine.

Akaandika upya palepale, akisema kwa sauti. Atarudi kazini Jumatatu ya kwanza baada ya tarehe ishirini Agosti, awafundishe wenzake moto mdogo kabla mzigo mpya haujaingia. Ngoma ataiomba kivyake, mwisho wa wiki tu.

"Na Jumatatu ya baada ya ngoma?"

"Utanikuta mezani kwangu, mzee. Hata kama siwezi kusema."

Mzee akatia sahihi, akagonga muhuri, akaandika chini kwamba nafasi yake inamngoja. Nakala moja ikaingia kwenye faili.

Akaenda. Nampula walimcheka kweli, kisha wakamzoea. Jumatatu aliyoitaja, Mzee Fortunatus alifika kiwandani akamkuta anapanga trei. Mwisho wa wiki iliyofuata akaenda Chiwata, akamtoa mwali wake, akaimba mpaka jua la Jumapili likasimama kichwani. Wenzake wa ngomani wakamng'ang'ania: "Somo gani anaondoka watu hawajala?" Akapanda bodaboda.

Jumatatu asubuhi sauti hamna kabisa. Alifundisha kwa mikono: akapunguza moto, akangoja, akaisugua korosho kwa vidole, ngozi ikadondoka, korosho nzima ikabaki. Mzee akaiokota, akaigeuzageuza, akaitafuna.

"Mwakani wakikuita tena," akasema, "niletee barua mapema."

Shakila akaitikia kwa kichwa. Jioni alifika kwa mama yake, akakaa mkekani angoje ugali uive. Zabibu alipogeuka na sahani, mwanawe alikuwa ameshalala.