Kijiti Kilichotoka Hewani

Haya alinisimulia mjukuu wangu Lineo, mwalimu wa darasa la sita hapa kijijini Ha Ntlama, siku tulipokuwa tunapasua pichi za kukausha. Mwaka ule pichi zilizaa mpaka matawi yakavunjika. Lineo alikuwa anapasua, ananyamaza, anapasua tena. Nikamwacha. Neno zito halivutwi kwa kamba.

Shule ilikuwa imefanya siku yake ya michezo, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupiga video, kisha azikate na kuziunga ziwe filamu moja fupi ya kuonyeshwa wazazi siku ya kufunga mwaka. Alipeleka karatasi kila nyumba kwanza. Mzazi achague: mtoto aonekane mbele ya wazazi tu, au hata kwenye mtandao, au asionekane kabisa. Waliokataliwa na wazazi aliwafunga uzi wa manjano mkononi, ili kamera iwapite. Na watoto wenyewe aliwauliza, maana uso ni wa mtoto kabla ya kuwa wa mzazi.

Mama yake Katiso alikubali, mbele ya wazazi tu. Katiso naye akasema, "Mwalimu, nipige nikiwa mbele. Nikiwa nyuma nipite kama mwenye uzi."

Na mbele alikaa. Wavulana walipocheza ngoma ya mohobelo yeye ndiye aliyeongoza, firimbi mdomoni, wenzake wakikanyaga ardhi kwa pamoja, macho yote kwake. Kwenye mbio za kupokezana vijiti alikimbia zamu ya pili.

Kabla mwezi haujaisha mto ulishuka na maji ya milimani, ukamkuta akivusha kondoo. Akazikwa. Mama yake akavaa nyeusi.

Lineo akaenda kwa mwalimu mkuu, Phafoli, ambaye sote tunamwita Ntate, yaani baba. "Ntate, nifanyeje na Katiso? Yumo kila mahali."

"Mtoe."

"Karatasi ya mama yake ilikubali."

"Ilikubali mtoto akiwa hai, Lineo. Unataka kumwonyesha mfiwa mwanawe akirukaruka ukutani?"

"Basi nikamwulize."

"Umwulize nini mtu aliye kwenye nyeusi? Mwache apumzike. Penye shaka, toa."

Maneno hayo hayakuwa mabaya. Lineo mwenyewe aliona afadhali, kwa sababu aliogopa kupiga hodi katika nyumba ile. Akakaa na kompyuta ya shule, akaanza kumtoa.

Hapo ndipo mtoto alipoanza kurudi.

Anamkata huku, anatokea kule. Anakuta kiwiko chake nyuma ya waliopokea zawadi. Anapunguza picha, kiwiko kinatoka, kinabaki kivuli cha mtoto anayekimbia na mtoto mwenyewe hayupo. Anaweka wimbo juu ya firimbi, firimbi inatokeza katikati ya wimbo kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kwenye mohobelo alibana picha mpaka Katiso akawa nje ya ukingo. Wavulana wakabaki peke yao, wakikanyaga, macho yote pembeni kwa mtu asiyekuwepo.

"Bibi," aliniambia, "ilifika mahali nikawa nageuka nyuma yangu."

Siku ya kufunga ikafika. Wazazi walijaa darasani, shuka jeupe likatundikwa ukutani, madirisha yakafunikwa mablanketi. Mama yake Katiso hakutegemewa kuja. Aliingia na nguo yake nyeusi, akakaa karibu na mlango. Lineo alipomwona alinyoosha mkono kufunga kompyuta, lakini Ntate Phafoli alikwisha kuashiria: anza.

Mwanzoni watu walicheka. Ntate Phafoli alionekana akikimbia na yai kwenye kijiko.

"Tazameni mkuu! Kama jogoo aliyekanyaga makaa!"

"Yai lenyewe lina aibu kuliko yeye!"

Hata mkuu alicheka. Zikaja mbio za vijiti. Mtoto wa kwanza akatoka mbio, akanyoosha mkono, picha ikaruka. Wa tatu akaonekana ameshashika kijiti, anakimbia. Kijiti kimetoka hewani.

Sauti ya mtoto mdogo ikauliza gizani, "Katiso yuko wapi?"

Mtu akamfinya, akanyamaza. Ikaja mohobelo. Wavulana wakakanyaga na kutazama pembeni. Wazazi wakafuata macho yao, mmoja mmoja, mpaka darasa zima likawa halitazami shuka tena. Linatazama ukuta mtupu kando ya shuka. Wimbo ukapungua, firimbi ikasikika.

Mama yake Katiso akasimama. "Zima, mwalimu."

Lineo akazima.

"Mlipomtia mlinipelekea karatasi. Mlipomtoa, nani alitia sahihi?"

Ntate Phafoli akainuka, kofia mkononi. "Mama, tulikuhurumia. Tulisema tusikutoneshe."

"Mlinihurumia mkiwa wapi, Ntate? Nyumba yangu haina mlango?" Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyouma. "Picha yake niliigeuza itazame ukuta siku za msiba kwa mkono wangu. Nikaigeuza tena kwa mkono wangu. Nilipoolewa nilipewa jina 'Makatiso, mama wa Katiso, hata mimba sijaibeba. Mnaniita hivyo mpaka leo. Hilo nalo mtalikata?"

Akamgeukia Lineo. "Vile vipande ulivyokata. Umevitupa?"

Lineo anasema hapo aliuona uso wa mama ukingoja kumzika mtoto mara ya pili.

"Sijavitupa, mama. Vimo humu."

"Basi nivione. Peke yangu na wewe."

Watu wakatoka bila kusalimiana. Ntate Phafoli alikuwa wa mwisho. Mlangoni alisema, "Nisamehe, 'Makatiso. Ilinipasa kuja." Akaenda.

Lineo akavuta benchi, akafungua kipande kimoja kimoja, na kila mara akauliza. Kijiti? "Rudisha." Firimbi na mohobelo? "Rudisha, na mtoe huo wimbo wenu wa juu." Kisha kikaja kipande Katiso ameanguka, analia, kamasi puani. Mama akacheka na machozi. "Hicho hapana. Aliniambia alikuomba umpige akiwa mbele."

Kikaja kingine: Katiso na rafiki yake Pheello wanagawana chungwa, wanacheka hadi wanashikana mabega. Mama akasogea mpaka pua ikakaribia shuka. "Hicho. Hicho hasa nakitaka."

Mkononi mwa Pheello uzi wa manjano ulionekana wazi.

"Mama," Lineo akasema polepole, "huyu mama yake alikataa. Kamera ilimkuta kwa makosa. Sina ruhusa hata ya kukuonyesha."

Lineo alidhani ataombwa, na aliogopa kwamba akiombwa atakubali.

"Nenda kamwulize," mama akasema mwishowe. "Akikataa, futa, usimsumbue. Wa kwake ni wa kwake. Mimi nimeshaona."

Kisha akaomba mohobelo tena, yote, tangu mwanzo. Safari hii wavulana walipotazama pembeni, aliyetazamwa alikuwepo, mashavu yamejaa upepo wa firimbi. Lineo aliirudia, akairudia tena. Aliposikia pumzi imebadilika aligeuka. Mama yule, ambaye majirani walisema tangu mazishi taa yake haizimwi usiku kucha, alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo.

Lineo hakuzima. Alipunguza sauti ya firimbi, akamfunika kwa blanketi alilolitoa dirishani. Jua la alasiri likaingia, likaifuta picha kwenye shuka. 'Makatiso alikuwa amelala.