Skrini Nyekundu ya Kiwanda cha Maziwa

Siku skrini mpya ya kuongozea mitambo ilipozinduliwa kwenye kiwanda cha maziwa, mkurugenzi alipiga makofi mpaka bangili zikalia. Humo kiooni michoro ya matangi ilimeremeta, pampu zilizunguka, maziwa yalitiririka mabombani, na karibu kila kitu kilikuwa chekundu, rangi ya kampuni. Fundi aliyeitengeneza, ambaye wenzake walimbatiza Msanii, alitembea wiki nzima kifua mbele. Aliyeguna ni shemeji yake tu, mwendeshaji wa mitambo.

"Shem, inapendeza. Ila mimi naendesha kiwanda, siendeshi disko."

"Wivu huo," Msanii akamjibu.

Kisha jino likamlaza shemeji, na mkurugenzi akaamua kwamba anayeijua skrini kuliko wote ndiye ashike zamu.

Asubuhi ile kengele ikalia. Msanii akakodoa macho atafute alama nyekundu ya hitilafu, akakuta vyekundu tele: valvu zilizofungwa, vichwa vya kurasa, hata nembo. Akabonyeza "Nyumbani", "Maziwa", "Zaidi", akatua kwenye picha ya ng'ombe. Akarudi. Kitufe cha kurudi kilikuwa kimehamia kona nyingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyekihamisha, kwa ajili ya urembo. Alipolifikia tangi la tatu, joto lilikuwa nyuzi tisa badala ya nne. Tangu lini? Akafungua grafu: mistari kumi na miwili imesokotana kama tambi, yote kwenye kipimo cha sifuri hadi mia, na joto la tangi limelala chini kabisa kana kwamba halijawahi kutikisika.

Maziwa yakachacha, yakamwagwa. Shemeji, shavu limevimba, alicheka upande mmoja.

Safari hii Msanii alikaa naye bega kwa bega, wakaichora skrini upya. Mandharinyuma ikawa kijivu; rangi kali zikabaki kwa hitilafu peke yake. Vitufe vikapangwa chini, palepale katika kila ukurasa. Kengele ikilia, mstari wa juu unataja nini na wapi, ukiugusa unafika. Kando ya kila tangi ikakaa grafu yake ya joto la saa nane zilizopita, nyuzi sifuri hadi kumi na mbili, kikomo kimechorwa.

"Mbona kama ukuta wa mahabusu?" mkurugenzi akafoka.

Haukupita muda mrefu, shemeji akaona mstari wa tangi la kwanza ukipanda taratibu, kengele ikiwa bado kimya. Akamwita fundi wa majokofu. Feni ya kompresa ilikuwa imelegea mkanda. Maziwa yakapona.

Mkurugenzi hakuuliza yamepona vipi. Alikuwa mapokezi, akisimamia utundikaji wa televisheni kubwa ya kuwaonyesha wageni skrini ile nyekundu ya zamani, iliyorekodiwa kwa video, bila kuunganishwa na chochote.

"Hii ndiyo teknolojia!" aliwaambia, nao wakajipiga picha mbele ya pampu zisizosukuma hata tone.

Msanii aliombwa asimame katikati. Akasimama, akatabasamu, huku shemeji akimnong'oneza: "Shem, angalau hapo haiwezi kuchachusha kitu."