Mgonjwa Mwenye Adabu

Nyumbani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyopenya katikati ya watu bila kumchubua mtu. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mwenye matokeo mazuri ya mtihani, na fomu ya chuo yenye nafasi ya kujaza kozi moja tu. Fomu ilitakiwa irudi Ijumaa saa kumi jioni, na baba au mama aweke sahihi. Ukikosea kujaza, unangoja mwaka mzima.

Sasa, Sindano alikuwa na kasoro moja ambayo wazazi wake waliiita malezi mema: hakujua kumkatalia mtu. Ukimpa ushauri aliupokea kwa mikono miwili, akakuangalia kwa macho ya shukrani, na kabla hujamaliza alishakuambia, "Hilo ndilo nitakalofanya." Hakuwa mwongo wa kupenda. Aliwapenda mno watu wake, akaona uchungu kuwarudisha na maneno yao wenyewe mikononi.

Baba yake alifanya kazi miaka kumi na mitano katika kiwanda cha betri, mpaka asubuhi moja alipokuta geti limefungwa kwa mnyororo. "Somea utawala, mwanangu," alimwambia. "Uajiriwe serikalini. Kiwanda hufungwa, ofisi ya serikali haifungwi." Sindano akasema hilo ndilo atakalofanya. Kesho yake baba akarudi na viatu vyeusi vya ofisini, vya kisigino kifupi, vinavyong'aa kama sahani. Vilibana vidole vikaumana. "Vimekutosha?" baba akauliza. "Vimenitosha kabisa, baba," akajibu, na akavivaa kila siku.

Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, naye alitaka mwanawe awe muuguzi, kwani muuguzi halali njaa. Sindano akasema ndiyo. Mwalimu wake wa hisabati alitaka asomee uhandisi, maana kichwa kile, alisema, si cha kupoteza. Sindano akasema ndiyo, tena kwa kuinama. Shoga yake wa tangu darasa la kwanza, aliyeitwa Chereko kwa kicheko chake, alitaka wafungue pamoja duka la nguo la mtandaoni. Hapo napo, ndiyo.

Kisha kulikuwa na yule bwana wa kwenye simu, wa miwani na gari jekundu, ambaye kila asubuhi aliwaambia watu laki mbili kwamba chuo ni gereza na wenye akili hawaajiriwi. Yeye hakuomba ndiyo, lakini Sindano alimpa kidole gumba, na maneno yake yakamkaa kichwani kutwa.

Hakuna aliyemuuliza Sindano yeye mwenyewe anapenda nini. Na angeulizwa, sijui kama angethubutu kusema. Kila alipompelekea mama chakula hospitalini alipita mlango wa karakana ya miguu bandia, akasimama pale mpaka chakula kinapoa. Siku nyingine fundi mkuu, mzee mfupi mwenye vumbi la plasta hadi kwenye nyusi, alimruhusu ashike ndoo ya plasta.

Waswahili hawakukosea waliposema njia ya mwongo ni fupi. Ya Sindano iliishia sebuleni kwao, Jumanne alasiri. Mwalimu alifika na barua ya mapendekezo aliyoiandika kwa siku mbili, akitaka kuwapongeza wazazi kwa binti mhandisi. Baba akasema, "Mhandisi gani? Huyu anasomea utawala." Mama akatoka jikoni kusema kwamba ameshazungumza na muuguzi mkuu. Na kama hilo halikutosha, Chereko akaingia akicheka, amebeba kibao cha duka kilichochapwa rangi nne, jina lake na la Sindano yakiwa yamekumbatiana.

Kilichofuata nisingemtakia adui yangu. Hakuna aliyefoka. Mwalimu alikunja barua yake mara mbili, akaaga. Chereko alisahau kucheka. Mama alirudi jikoni. Baba alimtazama, akasema polepole, "Kinachoniuma si kwamba umekataa, mwanangu. Ungekataa ningeelewa. Umenifanya mtoto." Maneno hayo yalimwingia Sindano kuliko kofi.

Usiku huo hakula. Alikuwa na siku tatu, fomu tupu, na watu wanne waliompenda ambao hawakuamini tena neno lake. Aliona bora ajaze chochote ambacho kingemfurahisha yeyote.

Asubuhi mama alisahau miwani, naye akampelekea. Njiani kurudi, miguu yenyewe ikampeleka karakanani. Fundi mkuu alikuwa na mgonjwa, dereva wa lori aliyekatwa mguu chini ya goti, amekuja kujaribu mguu mpya. Akatembea kwenda na kurudi kati ya vyuma viwili vya kushikia. "Unaumia?" fundi akauliza. "Hata kidogo," dereva akajibu kwa tabasamu pana. "Umenifanyia kazi nzuri sana, fundi. Mungu akubariki."

Fundi alimketisha, akauvua mguu, akavua na soksi, akainamia ngozi. Kwenye ncha ya mfupa palikuwa pamewiva, pekundu, karibu kuchubuka. Akachukua kalamu ya wino usiofutika akapazungushia duara, akaweka alama ileile ndani ya kikombe cha mguu, pale kinapopokea kigutu, kisha akaanza kukikwangua kikombe hapo taratibu.

"Sindano, njoo uone," akasema. "Mgonjwa anayelalamika hanisumbui. Anayenitesa ni mwenye adabu. Ananihurumia, ananisifu, anaondoka. Baada ya wiki mbili anarudi na kidonda, mguu ameutupa uvunguni, na mimi naonekana fundi mbovu. Mficha uchi hazai, bwana dereva."

Dereva akacheka kwa aibu. "Nilijua umehangaika nao, fundi."

"Nimehangaika ili utembee, si ili unisifu." Kisha, bila kuinua kichwa, akaongeza, "Na wewe binti, mbona unachechemea?"

Sindano akavitazama viatu vyake vyeusi, machozi yakamtoka palepale mbele ya watu. Alieleza yote, kuanzia viatu hadi kibao. Fundi alimsikiliza huku akikwangua. "Hao wote hawakukosea," akasema mwishoni. "Kila mmoja amekupima kwa alipopaona. Lakini panapobana unapajua wewe, na hukuwaambia. Watarekebishaje?"

Sindano akatoa daftari mfukoni, akalifungua. Badala ya kutaka huruma, aliuliza maswali. Kozi ya ufundi huu ni miaka mingapi? Mitatu. Nani anaajiri? Hospitali kubwa chache, na nafasi hazitoki kila mwaka, fundi hakumficha. Kazi yenyewe ikoje? Plasta, vumbi, kusimama kutwa, na wagonjwa wanaolia. Fundi akamruhusu akae siku ile nzima, amfunge dereva bandeji za plasta kwa kipimo kipya, akamwacha akosee. Jioni mikono ilikuwa imekauka kama udongo, mgongo unamuuma, na bado hakutaka kuondoka.

Siku ya pili yake alianza safari ya kuomba radhi, na safari hii hakwenda na ndiyo. Alikwenda na maneno matatu: samahani, asante, na swali. Kwa mwalimu alisema, "Nilikudanganya kwa kuogopa kukuudhi. Naomba unisamehe. Lakini nieleze, uliona nini kwangu ukasema uhandisi?" Mwalimu, aliyekuwa amejiandaa kununa, akajikuta anaeleza: jinsi anavyoliona umbo kabla ya kulichora, jinsi anavyorudia hesabu bila kuchoka. Sindano akaandika yote. Kisha akamtajia karakana. Mwalimu akaifungua orodha ya kozi, akaitafuta mpaka ukurasa wa nyuma kabisa. "Ipo," akasema. "Na inataka hisabati na fizikia. Hata mimi sikuijua kozi hii." Akaikunjua barua yake na kubadilisha mstari mmoja tu.

Chereko alikuwa na haki ya kununa zaidi, kwa kuwa kibao kilishachapwa. "Ungeniambia tu, shoga!" akafoka. "Mimi si mgeni wako." Sindano akamwacha afoke mpaka amalize. Alipomuuliza kwa nini alimtaka dukani, Chereko akasema, "Kwa sababu ukishika kitu na mikono yako, unakuwa mtu mwingine. Mezani unasinzia." Nalo likaingia daftarini, kwa wino mzito. Kibao kikakatwa katikati, jina moja likabaki, na Sindano akaahidi, safari hii kwa kweli, kumsaidia Jumamosi za mwezi wa kwanza wa duka tu.

Yule bwana wa simu naye alipewa haki yake. Sindano alimwandikia swali refu, la heshima. Jibu likaja kabla hajavuta pumzi: "Hongera kaka! Jiunge na darasa langu uvunje minyororo." Kaka! Akacheka peke yake. Hata hivyo alichukua lake moja zuri alilowahi kulisema, kwamba watu waone kazi yako, kisha akamnyamazisha. Mtu asiyeweza kuudhika nawe, aliona, hawezi pia kukujali.

Mama hakuhitaji maneno mengi. "Nilitaka usiniache peke yangu mle hospitalini," akasema, na hapo ndipo Sindano alipojua hofu ya mama ilikuwa wapi. Akamwambia karakana iko hatua arobaini kutoka dobini. Mama akahesabu moyoni, akatabasamu.

Akabaki baba, na ilikuwa Ijumaa saa nane mchana.

Aliketi naye mezani, fomu katikati. "Baba, umenisomesha, na hofu yako ya kiwanda nimeielewa. Ni hofu ya kweli. Nafasi za kazi hii ni chache, sikufichi. Ndiyo maana nitachukua pia somo la utawala wa afya, lipo ndani ya kozi, ili karakana ikifungwa nisibaki mikono mitupu. Hilo ni lako, nimelichukua. Lakini kozi yenyewe nimechagua mimi."

"Una uhakika?"

Zamani angesema, "Kabisa." "Sina uhakika wote," akajibu. "Nina hakika kwamba nimeangalia."

Baba alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena. "Na nikikataa kusaini?"

"Nitaumia, baba. Na nitakuambia kwamba nimeumia."

Baba akamtazama kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni, kisha akaweka sahihi, kubwa, iliyotoka nje ya mstari. Sindano akaichukua fomu kwa mikono miwili. Shukrani ilimjaa: kwa baba, kwa mama, kwa mwalimu, kwa Chereko, watu waliojisumbua kumfikiria, kila mmoja kwa alichokuwa nacho. Alisimama kuondoka, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Baba, kuna jingine. Viatu vinabana. Vilibana tangu siku ya kwanza."

Baba akashangaa. Kisha akapiga goti sakafuni, mzee mzima, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba kama alivyofanya dukani Sindano alipokuwa mdogo.

"Hapa je?"

"Panauma."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

"Vua basi," akasema, naye akaanza kufungua kishikizo mwenyewe. "Kimbia na kandambili, fomu isichelewe. Ukirudi tutakwenda dukani pamoja, na safari hii utaniambia."