Karatasi Iliyopigwa Picha Doha

Mjukuu wangu Erasto, dereva wa lori huko Doha, alikuwa ametuambia kwamba amelazwa kwa kidonda cha unyayo. Kisha akanitumia picha ya karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, na ujumbe: "Babu, narudi Kenyamonta. Waonyeshe zahanati, waone kama dawa zangu zipo."

Kiingereza nilifundishwa enzi ambazo mwanafunzi hakuvumiliwa kubahatisha. Maneno mazima niliyasoma. Vifupisho vilinigomea: T2DM, NKDA, s/p L BKA. Nilivaa koti, nikaenda zahanati pamoja na mkwe wangu Boke, mama yake Erasto.

"Shikamoo, mzee," alisema muuguzi Kokushubira.

"Marahaba."

Aliikuza picha kwa vidole, akaisoma hadi chini. Kisha akaomba namba ya Erasto.

"Ya nini? Karatasi si hiyo unayo?"

"Ni habari za mwili wake, mzee. Sisemi mpaka aniruhusu."

"Mimi ni babu yake!"

"Hata ungekuwa mkuu wa mkoa, ningempigia kwanza."

Erasto alipokea. Muuguzi alimtajia waliokuwepo, akaweka simu mezani, sauti wazi.

"Wasomee, dada," Erasto alisema. "Mimi nimejaribu kuwaambia, nimeshindwa."

Kokushubira alivuta kiti karibu na Boke.

"T2DM ni kisukari, aina ya pili. NKDA, hakuna dawa inayojulikana kumletea mzio. Metformin, BD, PO: atakunywa mara mbili kwa siku. Hiyo tunayo."

"Umeruka mstari," nilisema.

"Naufikia, mzee. Hizi s/p ni kitu kilichokwisha kufanyika. L ni kushoto. BKA ni kukatwa mguu chini ya goti. Kidonda kilioza, wakaukata mguu wa kushoto ili uozo usipande. Goti limebaki. Akipona vizuri, anaweza kupimiwa mguu wa bandia."

Nilisikia kila neno. Nilitazama bango la chanjo ukutani, nikalisoma lote, nikaanza tena.

Boke hakulia. Aliuliza, "Choo chetu ni cha shimo. Atachuchumaaje?"

Muuguzi aliisogeza simu karibu naye.

"Mama, upo?" Erasto aliita.

"Nipo."

"Nimesema uongo, mama. Nilisema ni kidonda tu."

"Nimesikia."

Muuguzi alieleza kwamba mistari iliyobaki inahusu kutoa nyuzi, kuweka kidonda kikavu na kukagua mguu uliobaki kila siku. Boke aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Nilimwambia kuwa nitamwita fundi ajenge choo cha kukalia. Akasema, "Haya, baba."

"Mura, kijana wangu," nilimwambia Erasto, "unatua wapi?"

"Mwanza, babu. Msije. Nitapanda gari mwenyewe."

"Sikukuuliza hilo. Nimeuliza unatua wapi, na saa ngapi."

Akanitajia.