Mashariki Yenye Mabano

Dorkasi, mfasiri mwenye ofisi ndogo Nkuhungu, alikuwa ameomba picha nyingine ya barua mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na kivuli cha simu. Ya pili ilikuwa na kidole gumba juu ya mstari wa nne. Ya tatu ilikuwa ile ile ya kwanza, imetumwa upya.

Ilikuwa barua ya Kiingereza iliyoandikwa kwa mkono, herufi zimeshikana. Mzungu mmoja mpima maji aliiacha kijijini Haneti mwaka 1957, kwa baba wa mzee Elisante. Sasa Elisante, katibu wa kamati ya maji, alitaka kujua mzungu alikuta wapi maji yasiyo na chumvi.

Dorkasi alifasiri alichoweza. Maneno aliyoyakisia aliyafunga kwa mabano na alama ya kuuliza: “Maji matamu yako [mashariki?] ya jiwe kubwa, futi [sitini?].” Chini akaeleza maana ya mabano hayo, akaandika kuwa mkunjo wa karatasi umepita juu ya neno linalotaja upande.

Alipoituma tafsiri, simu ikaita. Elisante.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mwanangu, mbona umetujazia maulizo? Tumekuuliza sisi, nawe unatuuliza!”

“Mzee, hayo ni maneno ambayo sina uhakika nayo. Kunjua karatasi, iweke nje penye mwanga, upige picha kwa karibu. Tafadhali.”

“Wewe umesoma. Ukikisia, umejua.”

“Sijajua!”

Siku nne zikapita bila picha. Dorkasi akapiga mwenyewe.

“Tumeshaanza kuchimba,” Elisante alisema kwa furaha. “Nimeinakili tafsiri yako vizuri, nimetoa hivyo vidudu vya maulizo, nikausomea mkutano. Mashariki.”

Dorkasi aliweka simu mezani, akahesabu hadi kumi, akaichukua tena. “Mzee, nakuomba kama mtoto wako. Picha. Leo.”

Jioni picha ikaja, safi, imepigwa na binti yake Elisante, Yasinta. Dorkasi aliikuza. Kwenye mkunjo, herufi ya kwanza ilimalizia juu, kwa kamkia kalikoishika herufi ya pili kichwani. Akatafuta “was” na “well” katika mistari mingine: mkia ule ule. Herufi “e” ya mzungu huyu kila mara ilimalizia chini. Neno halikuwa “east”. Lilikuwa “west”.

Alipiga simu. “Magharibi, mzee. Hili sasa nimelisoma.”

“Tumefika mita tano,” Elisante alisema. “Mwamba mtupu.”

“Nilikuwekea alama.”

“Uliweka.” Akavuta pumzi. “Nitawaambia mkutanoni kwamba niliziondoa mimi.”

Aliwaambia kweli, wakamzomea, kisha wakahamisha majembe. Wiki ya tatu Yasinta alituma ujumbe: maji yamepatikana magharibi, yana chumvi kidogo tu, yanafaa kupikia chai.

Saa moja baadaye mzee akapiga. “Na zile futi sitini za kwenye barua?”

“Bado nakisia, mzee. Wino umefifia. Inaweza kuwa tisini.”

“Basi nifutie tu hiyo alama, mwanangu, tuweke nakala ofisini.”

Dorkasi alifumba macho. “Hapana, mzee.”