Yakuti Yenye Dirisha

Mara ya tatu mshonaji alipoingia kwa mkata vito, alikuja amemshika mdogo wake mkono kama anayempeleka mtoto kuchanjwa. Mara mbili za kwanza alikuja peke yake, na mara zote fundi, mama mmoja wa makamo, alimrudisha. Jiwe la watu wawili, alimwambia, halikatwi kwa neno la mmoja.

Yakuti hiyo ya buluu ilikuwa ya marehemu mama yao. Hakuacha nyumba wala kiwanja. Aliacha pete moja, na mabinti wake walikubaliana kuivaa kwa zamu. Kila zamu ilipobadilika walipita kwa sonara kulipima jiwe. Mdogo ndiye aliyeshikilia hilo. Alikuwa muuza dawa, na kwake kitu kisichopimwa ni kesi inayosubiri siku yake. Mshonaji hakujali mizani. Kilichomkera ni kwamba jiwe lilimeta pembeni tu, na katikati limepauka kama chai iliyozidi maji.

Fundi alilitoa jiwe kwenye pete, akaliweka juu ya gazeti, uso ukitazama juu.

"Soma," akamwambia mdogo.

Mdogo akainama, akasoma neno zima kupitia katikati ya jiwe. Fundi akaweka kando yake yakuti nyingine, ndogo, yenye tumbo, yaani upande wa chini, lililochongoka vizuri. Hapo herufi hazikuonekana. Ulionekana mng'ao tu.

Akawaeleza taratibu. Mwanga huingia kwa juu. Ukikuta tumbo la jiwe lina mwinamo wa kutosha, hugonga upande mmoja, ukagonga wa pili, ukarudi juu kwenye jicho la mtazamaji. Tumbo likiwa bapa, mwanga hupenya chini ukapotea, na jicho nalo hupenya. Pale panapopenya mafundi hupaita dirisha.

Mdogo akauliza kama basi aliyelikata alikuwa tapeli. Fundi akasema hapana, huenda alipewa jiwe ghafi lililo bapa tangu ardhini. Ili jiwe lipate tumbo la haki, ingembidi aupunguze upana wake, na vito huuzwa kwa uzito. Akaliacha pana.

"Na wewe utaupunguza upana huohuo?"

"Sina njia nyingine. Karibu theluthi ya jiwe itakuwa tope kwenye sahani yangu ya kusagia."

Hapo ndipo ndugu hao walipoanza kugombana. Mdogo akasema hajawahi kuona mtu anayerithi kisha anakwenda kusaga urithi. Mkubwa akasema heri kidogo kinachong'aa. Wakatoka kwenye jiwe wakaingia kwenye ugonjwa wa mama, nani alikesha na nani alituma salamu. Fundi aliwasha jiko la kuyeyushia nta, akalizima, akaliwasha tena. Kwa muda mrefu hakuwa amepata yakuti safi kama ile, na mikono ilimwasha.

Mwishowe mdogo alichoka. "Likate, mama. Siwezi kugombana na dada yangu kwa ajili ya kokoto."

Fundi alilibandika jiwe kwa nta kwenye kijiti, akapima mwinamo, akaligusisha kwenye sahani inayozunguka. Alikata upande mmoja mmoja, akiinua kila mara kuangalia kwa lenzi. Lilipokwisha kung'arishwa, mwanga ulirudi kutoka kila pembe, na buluu ilikuwa imekolea kama wino.

Waliporudi kulichukua, mdogo ndiye aliyelishika kwanza. Aligeuza kiganja huku na huku, akacheka peke yake. Kisha mshonaji akalichukua, akasogea nalo mlangoni kwenye mwanga.

"Hili si la mama," akasema.

Fundi alidhani anatuhumiwa kulibadilisha. Akampa lenzi, autafute ule ufa mwembamba kama unyoya uliokuwamo ndani tangu mwanzo. Bado ulikuwapo.

"Sisemi umelibadilisha. Mama akilivaa, nilikuwa naiona ngozi ya kidole chake hapa katikati. Sasa sioni kitu."

"Si ndilo ulilolitaka? Mara tatu umekuja hapa."

"Nilitaka ling'ae. Sikujua kidole chake ndicho kitakachoondoka."

Akauliza kama linaweza kurudishwa. Fundi, hasira zikimpanda, akajibu kwamba anaweza kulisaga tumbo likawa bapa tena. Atapata dirisha, lakini dogo, kwenye jiwe dogo zaidi. Tope halifinyangwi likawa yakuti.

Ilikuwa zamu ya mshonaji kuvaa. Akamwekea mdogo wake jiwe kiganjani, akamwambia alipeleke kwa sonara, likazwe kwenye pete kwa kipimo cha kidole chake yeye mdogo. Mdogo alitaka kukataa, akaona uso wa dada yake, akalifunga kwenye karatasi.

Walipoondoka fundi aliisuuza sahani. Mwaka ule hakuwa amefanya kazi nzuri kuliko ile, na hakuna aliyemwambia ahsante.