Mama Saa Ajipima Mapigo

Hotuba ilikuwa ya dakika nne, na Mama Saa aliijua kama njia ya kwenda kazini. Alikuwa mkunga, na jina hilo alipewa kwa ile saa anayoibandika kifuani kuhesabia mapigo ya wajawazito. Bodi ya hospitali ilitaka kuifunga wodi ya wazazi na kuwapeleka akina mama hospitali nyingine, mwendo wa saa nzima. Wakunga wenzake wakamchagua yeye akaitetee. Wiki nzima aliikariri mbele ya mumewe jikoni, neno kwa neno, hadi mzee wa watu akawa anamalizia sentensi huku akiosha vyombo.

Siku ya kikao, nyuma ya pazia la ukumbi, moyo ukaanza kumwenda mbio. Hapo ndipo kazi yake ilipomponza: alijishika kifundo cha mkono, akaitazama saa, akahesabu. Mia na thelathini na mbili. Mgonjwa mwenye namba hiyo angemwitia daktari. Akaogopa, na kadiri alivyojichunguza ndivyo mapigo yalivyopanda.

Kwenye maikrofoni alisema, "Waheshimiwa wajumbe," basi. Kichwani peupe. Karatasi alikuwa ameiacha nyumbani kwa majivuno tu. Mwenyekiti, mtu muungwana, akasema wamsikilize kwanza mhandisi wa majengo.

Daktari wa usingizi, mwanamke aliyefanya naye kazi miaka kumi, akamfuata kwenye korido.

"Imefutika yote, dada. Sijui hata inaanzaje."

"Haijafutika. Mwili umedhani umevamiwa, umemwaga adrenalini, damu inakimbilia misuli ili utimue mbio. Ndiyo maana unatetemeka. Akili nayo imeshughulika na hatari, kutafuta maneno hakupati nafasi."

"Nina mapigo mia na thelathini na mbili."

"Hata anayepanda ngazi mbio anayo. Hayakuui, acha kuyahesabu. Halafu umeikariri kama shanga za uzi mmoja. Moja ikichomoka, zote chini. Wewe mama akihangaika leba unamwambiaje?"

"Atoe pumzi polepole."

"Haya, mama mjamzito."

Alicheka bila kupenda. Akatoa pumzi, ndefu, mara tano. Kisha akaichomoa saa kifuani na kumkabidhi rafiki yake.

Aliporudi jukwaani mikono bado ilitetemeka, akaiacha itetemeke. Sentensi ya kwanza hakuitafuta. "Wiki iliyopita nilimpokea mama anayevuja damu," alisema. "Tulikuwa na dakika ishirini za kumwokoa. Huko mnakotaka waende ni saa nzima." Mambo aliyoyaona kwa macho yake hayakuhitaji kukaririwa, moja lilimkumbusha jingine. Kutetemeka kulikoma wakati gani, hata yeye hakujua.

Jioni mumewe alikuwa kwenye sinki, mikono imejaa povu.

"Vipi, umeisema yote?"

"Hata sentensi moja."

Mzee akaweka sahani chini. Siku saba za kazi yake zilikuwa zimekwenda bure.

"Na wodi?"

"Inabaki," alisema Mama Saa, na hapo ndipo alipolia.